Nilitaka Avue Kofia

Nilipostaafu ualimu niliapa sitamsikiliza tena mtu mzima akijitetea. Mwaka haukuisha nikaitwa Mahakama Kuu, Dodoma, kuwa mzee wa baraza, yaani raia anayekaa na jaji kusikiliza kesi ya mauaji na kutoa maoni. Enzi hizo kesi kama hiyo haikusikilizwa bila wazee wa baraza. Tulikuwa watatu: mimi wa Chang'ombe, Mrangi mpole, mfanyabiashara wa nafaka wa Majengo, na mzee mmoja Mgogo wa Miyuji ambaye kila baada ya chakula cha mchana alisikiliza ushahidi macho kayafumba.

Mshtakiwa alikuwa mfugaji wa miaka arobaini hivi. Siku walipomzika baba yake, mtani wao alikuja kufanya kazi yake. Nyumbani kwao watani wana ruhusa msibani: huigiza marehemu, hulala kaburini wakidai wapewe kitu ndipo watoke, na wafiwa hucheka huku wanalia. Huyu alivaa kofia ya pama ya marehemu, akachechemea kama marehemu, akaanza kuwagombeza ng'ombe kwa sauti ya marehemu. Watu walivunjika mbavu. Mshtakiwa akampiga fimbo moja kichwani. Mtani alianguka, na kesho yake akafa hospitalini.

Ikiwa ni kuua kwa kukusudia, adhabu ni kunyongwa, na jaji hana nyingine ya kuchagua. Ikiwa ni kuua bila kukusudia, ni kifungo, na jaji ndiye anayepima miaka. Nilimtazama yule mfugaji kizimbani, amevaa ndala moja nyekundu na moja ya bluu, nikaogopa.

Wakili wake, kijana aliyepangiwa kesi na mahakama, alianza na hoja ya uchokozi. Alisema kudhihakiwa kwa baba yako kabla hajapoa kaburini kungemkasirisha yeyote. Mzee wa Miyuji akafumbua macho, akaomba kumuuliza shahidi, jirani wa wafiwa.

"Mtani asipokuja kuchekesha msibani, mnasemaje?"

"Tunasema katudharau, mzee."

"Basi." Akafumba tena.

Kijana akahamia kwenye akili. Alidai huzuni ilikuwa imempunguzia mteja wake akili, kwa hiyo apunguziwe na kosa. Jaji akavua miwani.

"Wakili, hiyo ni sheria ya nchi nyingine. Kwetu mtu ana kichaa kilichomfanya asijue alitendalo, au hana. Nusu kichaa hatunayo."

Ripoti ya daktari ilisema mshtakiwa ni mzima. Mrangi akaninong'oneza, "Mwalimu, mimi nusu ninayo, tena tangu nioe." Nilimkanyaga mguu, kisha nikakohoa sana kuficha kicheko.

Mshtakiwa alipojitetea, nikainua mkono. Sikujizuia, ni ugonjwa wa miaka thelathini ya ubao na chaki.

"Ulipompiga, ulitaka nini?"

Alinigeukia.

"Nilitaka avue kofia, mama. Nilimwona baba, halafu nikaona si baba."

Kisha akaeleza alivyochana shati lake kumfunga mtani jeraha, na alivyompakia kwenye bodaboda, akamshikilia mpaka hospitali.

Jaji alitufafanulia kabla ya maoni. Aliyechokozwa ghafla, akaua kabla ghadhabu haijapoa, kosa lake hushuka hata kama alitaka kuua. Ila kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii yake. Uchokozi ukikosekana, tutazame nia: je, alitaka kuua, au kuumiza vibaya, au alijua pigo lake lingefanya hivyo? Tupime silaha, idadi ya mapigo, mahali alipopiga, na alichofanya baadaye.

Mzee wa Miyuji alisema, "Mtani hapigwi. Amekusudia." Mrangi alisema hakukusudia. Nilisema uchokozi haupo, maana mtu wa kawaida wa kwao angecheka na kutoa kuku, lakini fimbo ya kuchungia, pigo moja na shati lile vinanionyesha mtu aliyetaka kofia, si roho.

Jaji hafungwi na maoni yetu. Aliandika yake: uchokozi hapana, nia ya kuua ina shaka, na shaka ni ya mshtakiwa. Kuua bila kukusudia, miaka minane.

Nje, mdogo wa yule mtani aliyeuawa alimfuata mfungwa. Askari wakajiweka tayari kumzuia. Lakini huyo naye, kama kaka yake, alikuwa mtani wa ukoo wa mfungwa.

"Wewe," alimwambia, "usithubutu kufia huko gerezani. Mwendo wako nimeshauzoea, na msibani kwako nitakuigiza vizuri kuliko kaka alivyomwigiza baba yako."

Mfungwa alicheka kwa kelele, pingu mkononi, kisha akapiga magoti na kulia. Yule mdogo akakaa naye chini vumbini, mpaka karandinga la magereza likawashwa.