Bamia Zilipovuta Nyuzi

Mafundi wa gereji ya mabasi walimwita Mama Karai, na jina hilo lilimkaa hadi dada yake naye akaanza kulitumia. Jiko lake lilikuwa chumba chenye madirisha mawili nyuma ya banda la rangi, na mezani kwake walikula watu wa injini, wa breki, wa bodi, madereva waliosubiri magari yao, na mwenye gereji mwenyewe. Mpishi aliyemtangulia aliondolewa kwa sababu ya bamia. Ukinyanyua kijiko chake, walisimulia, nusu ya sahani inakufuata mpaka mdomoni. Fundi wa breki alikuwa akiomba ute ule aupake kwenye bolti zilizogoma.

Mama Karai alijifunza kwa shangazi yake, mwanamke aliyeendesha mgahawa kwa miaka mingi na asiyependa maneno mengi. Shangazi alimfundisha kwamba bamia inaoshwa ikiwa nzima na kufutwa kwa kitambaa hadi ikauke kabisa, kisha ikatwe vipande vinene kwa kisu kikavu, kwa sababu maji yakikutana na tumbo la bamia ndipo ute unapoamka. Karai liwe pana, mafuta yawe ya moto hasa, na vipande viwekwe vichache vichache, kila kimoja kipate nafasi yake chini. Usifunike, maana mvuke ni maji vilevile. Usikoroge kama uji. Nyuzi zikianza kuonekana, tia tone la siki au ndimu pembeni mwa karai la moto, uchachu uzikate na unyevu wake uondoke hapohapo. Chumvi mwishoni kabisa. Dakika chache tu na ziepuliwe, zingali kijani, zikilia chini ya jino.

Basi alikuwa hivyo, mtu wa kusifiwa na kutaniwa, hadi homa ilipompata. Ilikuwa mafua tu, alidhani. Homa ilishuka, kifua kikafunguka, hamu ya kula ikarudi, ila siku aliyorudi jikoni alikata kitunguu na hakusikia kitu. Akakileta puani. Akakiuma. Kilikuwa kama kuuma karatasi iliyolowa. Alinusa mafuta ya taa, sabuni, kitambaa cha kufutia sufuria. Vyote vilikuwa hewa.

Hakumwambia mtu isipokuwa dada yake, na dada alimshauri anyamaze, huenda pua ingerudi yenyewe. Kuna jambo lililowatisha wote wawili. Mwaka uliopita mlinzi wa geti alianza kuona ukungu machoni, akamwendea mwenye gereji na kumweleza kwa nia njema kabisa. Mwenye gereji alimpa pole, akampa na nauli, na kesho yake getini kulikuwa na mtu mwingine.

Kuanzia hapo Mama Karai aliingia kazini kila asubuhi kwa hofu. Wali uliungua chini mara moja akiwa amesimama palepale, na alijua tu alipoona moshi. Alisingizia mkaa. Maharage aliyotia chumvi mara mbili alisingizia mawazo. Alijizoeza kumtazama mtu wa kwanza kula, amtazame taya na nyusi, asijue kama atameza au atasukuma sahani. Usiku aliota watu wamekaa mezani wakimwangalia bila kusema.

Ajabu ni kwamba siku ya bamia ndiyo ilimpumzisha. Bamia hazikuhitaji pua yake. Karai lilizungumza: vipande vikavu vikiingia kwenye mafuta ya moto vinachachatika kwa sauti kali, na unyevu ukizidi sauti inazama. Macho yaliona kingo zikigeuka kahawia. Kijiko kilionyesha nyuzi. Siki aliitia kwa mazoea ya mkono. Kwenye kazi hiyo alikuwa bado yeye.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, na bamia zilikuwa nzuri, changa, zinazovunjika ncha ukizigusa. Aliziosha mapema na kuzitandaza dirishani zikauke. Fundi wa betri alipita kunywa chai kama kawaida yake, mtu wa makamo mwenye suruali iliyotobolewa matundu na tindikali, akaongea habari za mwanawe anayetaka kuoa, akaondoka. Karibu na saa ya chakula Mama Karai akawasha moto, akasubiri mafuta yatetemeke, akamwaga fungu la kwanza.

Sauti ilikuwa nzuri. Alizigeuza mara moja, akaziacha, akazigeuza tena. Nyuzi nyembamba zikaonekana kwenye kijiko, kama inavyotakiwa. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashika chupa yake ya plastiki ya siki, akamimina kidogo pembeni.

Karai likafoka, kisha likanyamaza.

Alisubiri lirudi. Aliinua kijiko na nyuzi zikapanda nacho, nzito kuliko mwanzo. Siki imepoa nguvu, alijiambia, labda mwenye duka ameichakachua. Akaongeza. Sasa sauti ikawa ya kuchemka, ile ya chini chini, na vipande vikaanza kushikana. Aliponyanyua kijiko, ute ulivutika kutoka karaini hadi usawa wa kifua chake bila kukatika.

Katika miaka yake yote hakuwahi kuona siki ikifanya hivyo. Mkono wake ukaenda rafuni, ukasogeza kopo la chumvi, na nyuma ya kopo ikasimama chupa nyingine, ya aina ileile, yenye kizibo cha bluu kilekile, na ndani yake maji meupe yaleyale.

Chupa zile zote zilitoka duka moja pale getini, na kila mtu gerejini alizitumia tena. Fundi wa betri alizitumia pia. Alishawahi kumwona kwa macho yake akibeba tindikali ya betri kwenye chupa kama zile, huku mwenye gereji akimkaripia kwa hilo.

Mtu mwingine angeinua chupa puani, na jambo lingeishia hapo. Yeye aliinua, akavuta pumzi hadi mwisho, na hakukuwa na kitu. Akainua ile nyingine. Hakuna. Kwa muda alifikiria kuchovya kidole na kulamba, na kidole kilikaribia chupa ndipo akajizuia. Ulimi wake haungemwambia lolote hadi uungue.

Nje walishaanza kufungua bomba la kunawia. Alisikia vicheko, na mtu akauliza kwa sauti kama leo ni bamia. Akili yake ilikimbia huku na huko. Kitu kichachu kingekata nyuzi, na nyuzi hazikukatika, basi huenda hakikuwa kichachu, basi huenda hakikuwa tindikali. Huenda. Akilini alimwona fundi wa breki ameshika koo. Alimwona dereva mzee aliyekuwa akimletea picha za wajukuu. Angeweza kumwaga karai lote na kusema limeungua, na hakuna ambaye angejua. Lakini chupa ingebaki bila kujulikana, na kesho angesimama tena mbele ya rafu ileile na pua ileile.

Alizima moto, akafunga mlango wa kwenye meza za chakula kwa komeo, na kutoka kwa mlango wa nyuma huku amebeba chupa zote mbili. Alimkuta fundi wa betri akifuta mikono.

"Fundi, chupa hii ni yako?"

Fundi aliitazama, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Alisema aliacha chupa moja jikoni asubuhi alipoweka vitu vyake rafuni anywe chai. Alikuwa na mbili, moja ya maji safi ya kuongezea betri na moja ya tindikali, na hakukumbuka ni ipi aliyoiacha. "Kwani inanukaje, mama?" aliuliza.

"Sisikii harufu," alisema. "Tangu ile homa sisikii chochote. Nimeitia kwenye chakula cha watu."

Maneno yalipomtoka alihisi kama amevua nguo katikati ya gereji. Fundi alichukua chupa hiyo, akaenda kwenye sakafu ya saruji karibu na ukuta, akadondosha matone machache. Walisimama wanayatazama. Mama Karai alijua tindikali ikigusa saruji hutoa povu na kuchemka. Madoa meupe ya tindikali ya zamani yalikuwa yamejaa pale. Matone yalikaa. Yakatambaa kidogo kufuata mteremko, yakatulia. Fundi akachukua kipimo chake cha betri, akavuta maji, akatazama kielea cha ndani, ambacho kwenye tindikali huelea juu, kikizama hadi chini, akatoa pumzi.

"Maji," alisema. "Ni maji tu, mama yangu." Kisha akakaa juu ya betri mbovu. Chupa ya tindikali waliikuta chini ya meza yake, imezibwa vizuri.

Bamia zile walizimwaga hata hivyo, shimoni nyuma ya banda, na karai likasuguliwa. Mwenye gereji alikuwa ameshafika, kwa kuwa watu wenye njaa hawakai kimya. Mama Karai alimweleza mwenyewe, wima. Mwenye gereji alimkaripia fundi wa betri kwanza, kwa sauti ambayo gereji nzima iliisikia. Kisha akamgeukia Mama Karai na kuuliza, polepole, ni muda gani amekuwa akiwapikia hivi. Alimjibu ukweli. Mwenye gereji alitazama chini, akasema watu wapate chakula kwanza, mengine watazungumza.

Akarudi jikoni. Nusu ya bamia ilikuwa bado dirishani, kavu. Fundi wa betri alinawa hadi viwiko, akamkatia ndimu na kuinusa moja kwa niaba yake. "Hii ni ndimu," alisema, na hakuwa anatania. Mafuta yakatetemeka. Vipande vikaingia vichache, vikachachatika. Mama Karai alikamulia ndimu pembeni nyuzi zilipochungulia, na safari hii karai lilifoka na kurudia sauti yake mara moja. Nyuzi zikakatika. Chumvi, akaepua. Watu walikula wakazimaliza, na yeye alisimama nyuma ya mlango akiwahesabu wanaomeza.

Mwenye gereji hakumfukuza. Wiki iliyofuata alimleta mwanamke mwingine, mjane wa mmoja wa madereva, awe anaonja na kunusa, na ajifunze. Neno hilo la mwisho Mama Karai alilisikia zaidi ya mengine. Alimpokea, akamwita wifi, akamwonyesha chupa mpya za glasi za siki na sanduku lililowekwa nje ya mlango ili mafundi waache humo chupa zao. Dada yake alimwambia asimfundishe kila kitu. Alijaribu kuficha jambo moja au mawili, na akashindwa; kila wifi alipofunika karai mkono wake ulienda wenyewe kuondoa kifuniko.

Siku moja wakikaanga pamoja, alisikia harufu. Haikuwa ya bamia. Ilikuwa kama mpira unaoungua, kali, na ilimjaa kichwa hadi akashika meza. Alimuuliza wifi kama kuna kinachoungua. Wifi alinusa huku na huku, akasema hapana, ni bamia tu na ndimu, zinanukia vizuri. Muuguzi wa zahanati, ambaye alimwendea baada ya siku ile, alikuwa amemwambia kwamba pua ikianza kurudi huenda ikadanganya kwanza, na wengine huishia hapo hapo kwenye uongo.

Alisimama akiivuta ile harufu mbaya, anaogopa itaondoka, anaogopa itabaki.

"Zigeuze," alimwambia wifi. "Sauti imeanza kuzama."