Jina Alilotaja Nikolao Polisi

Kwa Nikolao, mkulima wa korosho wa Chiungutwa, Dorika alikuwa mwanawe, basi. Dada yake alipofariki alimwachia mtoto wa miaka miwili. Baba wa mtoto, Oscar, alikuwa keshaenda zake na hata salamu hakuleta. Kijiji kizima kilimwita binti Dorika wa Nikolao, na tangu aingie chuo cha uuguzi Newala, mjomba mtu alitembea kifua mbele, mpaka watu wakawa wanamcheka.

Kisha Dorika akapoteza kitambulisho cha chuo. Kilimdondoka kwenye bodaboda akitoka nyumbani. Wiki mbili akakaa kimya kwa woga. Maktaba wakamnyima vitabu, zahanati ya chuo ikamrudisha na homa yake, siku ya kusaini mkopo akawatazama wenzake kwenye foleni. Yote aliyameza. Lakini mtihani wa mwisho ulikuwa Jumamosi, na ukumbini hapiti mtu bila kitambulisho au barua ya muda. Alhamisi ndipo alipompigia mjomba.

Ijumaa asubuhi wakawa polisi, maana chuo kilitaka kwanza ripoti ya upotevu.

"Majina yake matatu?" askari aliuliza.

Nikolao alidakia kabla binti hajafungua mdomo. "Dorika Nikolao Mnyambe."

Dorika aliinamisha kichwa. Nikolao alidhani ni adabu. Mtandao ulisumbua, wakashinda kwenye benchi hadi saa nane ndipo ripoti ikachapwa.

Chuoni, Mama Ethel wa usajili aliisoma, akatazama kompyuta, akaisoma tena.

"Baba, mimi hapa nina Dorika Oscar. Huyu wa kwenye ripoti simjui."

"Ni huyu huyu, mama. Nimemlea mimi."

"Sikatai. Ila kadi, hata barua ya muda, natoa kwa jina la usajili, na ripoti lazima ilingane. Rudini wawaandikie nyingine."

Walirudi mbiombio. Malipo mapya, mtandao ule ule. Walipofika tena chuoni ilikuwa saa kumi na moja, ofisi imefungwa hadi Jumatatu na simu ya Mama Ethel haipatikani.

Jumamosi msimamizi wa mtihani aliisoma ripoti ya pili, akatikisa kichwa. Ilithibitisha tu kwamba kadi imepotea. Bila barua ya chuo, alisema, mtihani huo ataufanya mwakani. Akafunga mlango.

Walikaa kwenye ngazi. Nikolao alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia Oscar.

"Pale polisi ulijua nimekosea?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinyamaza, mwanangu?"

Dorika alijifuta uso kwa kiganja. "Ulikuwa umesimama pale pale, mjomba. Ningemwambiaje askari kwamba baba yangu ni mwingine?"

 Kutoka ndani ya ukumbi walisikia wenzake Dorika wakiambiwa wafunue karatasi.