Mulishani ya Asubuhi ya Uchaguzi

Nakumbuka asubuhi moja ya uchaguzi wa diwani, hapa hapa Tunduma, nikiwa kijana mwenye fulana mpya ya chama na akili ndogo kuliko fulana yenyewe. Mwanangu, nasikia na wewe umepewa fulana juzi. Umeambiwa ukasimame njiani ulinde kura. Kaa kwanza, chai ipo, nikusimulie mimi nililinda nini.

Uchaguzi uliotangulia mgombea wetu alishinda kwa mbali, hata wahesabu kura walipiga miayo. Siku ile ulizuka uvumi kwamba lori limeleta watu wa Nakonde waje kupigia kura upande wa pili. Tulicheka sana. Unajua mwenyewe, ukivuka barabara tu uko Zambia, na nusu ya watu wa mtaa huu wana shangazi ng'ambo ile. Mtu mmoja akasema waacheni wapige, watachoka wenyewe.

Miaka mitano baadaye uvumi ukarudi vile vile, na lori lile lile ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Safari hii hakucheka mtu. Upande wa pili walikuwa wamepata mgombea mwenye nguvu; tukijaza uwanja leo, kesho nao wanaujaza. Hata wale wanaojifanya kujua kila kitu hawakujua nani atashinda.

Mratibu wetu wa kampeni akatuita, akatugawa njiani. "Watu kumi tu wa Nakonde wanatosha kutumaliza," alisema. "Mkisikia Kibemba, rudisheni."

Saa nne asubuhi akaja Mama Namwinga, muuza kapenta, wale dagaa wa Zambia, ingawa wakati ule sikumjua jina. Nyuma yake walikuwa wanawake watano. Mwenzake wa sokoni akamwita kutoka upande wa pili wa barabara, naye akaitikia kwa sauti, "Mulishani, mukwai!" Ndiyo salamu ya Kibemba, na muuza kapenta yeyote wa mpakani huitamka mara mia kwa siku. Mimi mwenyewe niliitumia nikinunua sukari. Lakini asubuhi ile masikio yangu yalikuwa ya mratibu.

"Mama, rudi kwenu," nikamwambia.

"Kwetu wapi, baba? Kwetu si pale nyuma ya kanisa?" Akaninyooshea kadi yake ya mpiga kura.

Sikuisoma. Nilimsukuma, mwanangu, naona aibu mpaka leo kulitamka neno hilo. Akaangukia mtaroni, mkono ukavunjika, nikausikia. Vijana wa upande wa pili walioona wakaokota mawe, na sisi tukaokota. Polisi walipofika, mwenzangu mmoja alikuwa amepasuka kichwa na duka la mtu asiye na chama chochote halikuwa na kioo hata kimoja. Mama Namwinga alipelekwa hospitali. Wale wanawake watano walirudi majumbani, wakafunga milango.

Jioni kura zikahesabiwa. Tulishindwa kwa kura tatu.

Wakala wetu ndani ya kituo alikuwa Mwalimu Sichone, mzee mstaafu aliyenifundisha hesabu. Nilimfuata nikifoka kwamba tumeibiwa. Akanionyesha nakala ya fomu ya matokeo, yenye saini yake na ya wakala wa upande wa pili. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Yule mama uliyemvunja mkono, unajua ni nani?"

Nikasema simjui.

"Ni mwenzetu tangu chama kilipofungua tawi hapa. Na wale watano aliwashawishi yeye watupigie kura. Umelinda kura vizuri, kijana. Ila umewalindia upande wa pili."

Sikulala vizuri kwa wiki kadhaa. Na katika kukosa usingizi likanijia swali ambalo halijaniacha mpaka uzee huu: kwa nini hapa? Watu wa kata ya jirani ni sisi sisi, shida zile zile, pombe ile ile, na kwao hata yai halikuvunjika. Nikarudi kwa Mwalimu.

Akaniuliza mratibu alituma wapi vijana. Nikafikiri. Kule tulikojua tutashinda hakutuma mtu. Kule tusikokuwa na tumaini hakutuma mtu pia. Alituma hapa pekee.

"Basi umejijibu," akasema. "Penye pengo kubwa, kuwatisha watu ishirini hakubadilishi kitu. Nani ajisumbue? Penye pengo dogo, ishirini ndio ushindi wenyewe. Wanaopanga fujo wana hesabu zao, wanaozifanya ndio hawana." Akaongeza kwamba penye pengo dogo kila upande unaamini kwa moyo safi kwamba umeshinda, kwa hiyo tangazo likichelewa hata saa mbili, uvumi unaingia na kukaa kwenye kiti cha tangazo. Na diwani akishinda akawanyima walioshindwa hata nafasi kwenye kamati ya maji, kila mtu anaona kushindwa ni kufa.

Nikiwa na mama yangu mzazi nilikwenda kwa Mama Namwinga, nikapiga magoti. Nikamlimia shamba lake la mahindi misimu miwili. Mkono ulipona, lakini ulipona umepinda.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa mkali zaidi. Mwalimu akawakusanya mapema mchungaji, shehe na wagombea wote wawili. Walikubaliana mambo ya kawaida kabisa. Kijana yeyote asisimame njiani. Mwenye shaka na mpiga kura amwambie wakala wake, wakala aseme ndani ya kituo, daftari lifunguliwe, kadi isomwe, na kama bado haridhiki ajaze fomu ya malalamiko. Mawakala wa pande zote wawepo tangu sanduku likiwa tupu mpaka kura ya mwisho. Matokeo yasomwe kwa sauti na kubandikwa mlangoni saa ile ile. Polisi wasimame mbali kidogo, wasionekane ni wa mtu. Na kila mgombea aseme hadharani, kabla ya kura, kwamba akishindwa ataenda mahakamani au nyumbani, hapana pa tatu.

Mimi na kijana wa upande wa pili tulipewa kazi ya kufuatilia uvumi. Lori la Nakonde likasikika tena, mwanangu! Tukapanda baiskeli wawili, tukalitafuta, tukakuta ni lori la saruji limeharibika gia. Tukarudi tukawaambia watu wetu, kila mmoja kwa mdomo wake, wakacheka. Pengo siku ile lilikuwa kura mbili. Waliosoma karatasi mlangoni walinuna, wengine walilia, kisha wakaenda kula.

Nimejiuliza sana ni uchawi gani. Si uchawi. Pengo lilikuwa dogo vile vile, ila mashaka yalikuwa na mlango wa kupitia, na sisi vijana hatukuwa ndio mlango.

Kwa hiyo fulana ivae ukipenda. Imba, piga kampeni, gombana kwa maneno. Lakini anayekutuma njiani muulize amewatuma wapi wengine, na wanawe mwenyewe wamesimama barabara gani. Ukitaka kulinda kura, omba uwakala, ujifunze fomu, ukae ndani na macho yako wazi.

Mama Namwinga yupo, ni bibi sasa, na siku ya kura atapita asubuhi akiwa amebeba mkono wake uliopinda. Atakusalimu kama anavyonisalimu mimi kila siku. Mwitikie, "Ndifye bwino, mukwai," umshike mkono ule mzima, umvushe mtaro.

Mungu akupe masikio yako mwenyewe, mwanangu, na mikono yako irudi nyumbani jioni ile bila kitu cha kuomba msamaha.