Njegere za Mama Mkwe

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, Jumapili moja baada ya ibada, nilipika njegere nyumbani kwa wakwe zangu huko Mbozi. Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili kwenye jiko la nyumba ya wageni Tunduma, kwa hiyo nilijiona fundi.

Mama mkwe alionja kijiko kimoja, akatafuna taratibu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kuni zimeisha?"

"Zipo, mama."

"Basi mvua imezima moto."

Baba mkwe akacheka mpaka akapaliwa. Mama alinyanyua bakuli, akarudisha njegere zangu sufuriani, akatia magadi kidogo, akafunika. Baada ya nusu saa zikarudi mezani zimepondeka kama uji wa mtoto. Tulikula. Nilimsifu. Ningefanya nini?

Siku chache baadaye tulikwenda shambani kuchuma njegere. Mimi nikajaza kikapu. Yeye kila ganda la tatu alilipasua kwa kidole gumba na kumimina punje mdomoni.

"Mama, mbona unazila mbichi?"

"Tamu."

"Kwani na huku kuni zimeisha?"

Niliogopa nimevuka mpaka. Kisha akapiga makofi. "Haya, binti wa Tunduma. Leo unapika mbele yangu."

Tulirudi, tukazimenya papo hapo, maana njegere zikilala utamu hupungua. Nilichemsha maji mengi yenye chumvi mpaka yakatokota kwa kelele, ndipo nikazimwaga. Mama akachukua mfuniko.

"Usifunike, mama! Zitafifia rangi."

"Umeanza kuniamuru jikoni kwangu?" Lakini aliuweka chini.

Zilipoanza kuchemka tena nilikuwa naonja moja moja. Dakika ya pili bado. Ya tatu, ganda la punje lilikuwa limelainika na ndani bado kulikuwa na uhai. Nikachuja haraka, nikazitumbukiza kwenye beseni la maji ya bomba, ambayo kule milimani yanauma vidole kwa baridi. "Moto wa ndani huendelea kuzipika," nilimweleza. Kitunguu kilikuwa tayari kimeiva kwenye mafuta. Nikazichuja tena, nikazigeuza humo mara mbili tu, nikaepua.

Zilikuwa za kijani kuliko shambani. Mama alikula sahani nzima. Alipomaliza akasema, "Nimezila kwa sababu nilikuwa na njaa."

Magadi bado anayo, anatilia maharage makavu. Lakini njegere hamwachii mtu azipike mpaka zipondeke. Mwezi uliopita walikuja wageni wa jumuiya, nikachelewa kidogo kuepua kwa sababu ya maongezi. Sauti yake ikanifikia kutoka sebuleni, na wageni wote wakasikia:

"Wewe, toa hizo, unawapikia vibogoyo?"