Jibu Kabla ya Saa Sita

Everlyne, fundi umeme wa Nyarero, aliahidiwa majibu ya usaili wa mgodini ifikapo Ijumaa. Jumatatu ilifika kimya, na karakana ya Sirari iliyokuwa imempa kazi ilitaka jibu lake kabla ya saa sita mchana.

"Waandikie kwamba wamevunja ahadi," alichochea dada yake, Zilpa. "Unawabembeleza kama wakwe?"

Everlyne alitaja nafasi na tarehe ya usaili, kisha akaandika: "Naomba kufahamu uamuzi umefikia wapi, kwani nina nafasi nyingine ninayopaswa kuijibu leo saa sita." Akatuma.

Saa tano na nusu wakajibu: "Bado tunajadiliana. Tuvumilie."

Hawakutaja siku. Everlyne akapiga simu Sirari.

"Shikamoo, mzee. Kesho nitaripoti kazini."