Sitaki Herufi

Msusi wetu ana mdomo, na mimi nampendea huohuo. Mwaka ule binti yake alikuwa anamaliza shule ya msingi, na kila jioni alikaa pembeni saluni akifanya mitihani ya miaka iliyopita. Sisi wateja, kwa kiherehere chetu, tulimwandama: "Umepata ngapi leo?" Alama zikapanda mpaka akakaribia kupata zote. Saluni nzima ikampigia makofi.

Mama yake hakupiga. Siku moja, mimi nikiwa kitini, alichukua karatasi ya hisabati akamsomea: robo tatu ya tenki ni lita mia sita, likijaa linachukua lita ngapi?

"B!" binti akadakia, swali halijaisha.

Mama akafunika majibu ya kuchagua kwa kitana. "Sitaki herufi. Niambie lita ngapi."

Binti akakikodolea kitana macho. Machozi yakamlenga. Kumbe alikuwa akirudia karatasi zilezile na kukariri herufi, asije akatuaibisha. "Nikiona swali jipya tumbo linanikata, Mama. Nitafeli."

Nilijua atagombezwa. Wapi! Tuligombezwa sisi. "Kuanzia leo, atakayemuuliza mwanangu alama, namwachia kichwa kimesukwa upande mmoja!" Tukafyata mkia, mimi wa kwanza.

Kisha akamvuta binti karibu na kiti changu. "Mwanangu, hiki kichwa nimekigawa mafungu manne. Matatu yamekula pakiti sita za nywele. Kizima kitakula ngapi?"

"Nane."

"Umejuaje?"

"Kila fungu linakula pakiti mbili."

"Haya, na tenki?"

Binti akafuta macho, akachora mraba, akaugawa mara nne. "Mia mbili, mia mbili... Mia nane, Mama!"

Tangu hapo alama hazikutajwa. Akimaliza karatasi ambayo hajawahi kuiona, walikalia yale aliyokosa tu: amepotelea wapi, na kwa nini. Akikwama, alifundishwa kuliruka swali, amalize mengine, ndipo alirudie. Mengine mama mwenyewe alikosa, na binti akamsahihisha huku akimcheka mpaka basi. Kisha karatasi zinafungwa, mtoto anakwenda kucheza.

Siku ya mtihani wa mwisho wa hisabati nilimsindikiza msusi kumpokea binti shuleni. Njiani aliapa hatamuuliza mtoto chochote, na kweli, pale getini alijiuma midomo. Binti akatoka mbio, soksi moja imeshuka.

"Mama! Kulikuwa na swali sijawahi kuliona popote! Nikaliruka, nikarudi, nikachora, likakubali! Wala tumbo halikuniuma!"

Msusi alipiga vigelegele mpaka wazazi wote wakageuka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, sijui kipi kilianza.

Mlinzi akatoka kibandani. "Kwani mama, matokeo yametoka?"

"Ya kwenu bado," msusi akasema, amemkumbatia binti yake. "Yangu yametoka!"