Gauni Langu Kwenye Mwili Usio wa Mtu

Mdogo wangu alipoolewa akaenda Lubumbashi, nilibaki na mashini mbili za kushona na mwili mmoja, wangu. Mashini ya pili niliifunika shuka. Lakini mwili wake ulikuwa shida nyingine. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja Kalemie, yeye ndiye aliyekuwa anavaa. Nikimaliza gauni namvalisha, anasimama mlangoni penye mwanga, namgeuza huku na huku, halafu nampiga picha kwa simu na kuituma kwa wateja. Mimi sikuwahi kusimama mbele ya simu. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi tangu utoto, kwa sababu ya ugonjwa ulionishika kabla sijajifunza kutembea vizuri. Nikisimama, nyonga inashuka upande huo.

Mguu huo ndio uliozaa mtindo wangu. Nikivaa gauni la kawaida, pindo linaning'inia chini upande wa kushoto kama limefumuka. Basi nilizoea kujikatia upande huo mfupi zaidi, ili nikisimama pindo likae sawa. Siku moja mdogo wangu alivaa gauni langu kwa mchezo. Kwake yeye, mwenye miguu iliyo sawa, pindo lilipanda kushoto likakaribia goti, upande wa kulia likabaki chini. Alizunguka mbele ya kioo akicheka. Mama mmoja aliyekuja kuchukua libaya yake, blauzi ya kitenge, akamwona, akasema, "Na miye unishonee ya namna ile ile." Tangu hapo nikajulikana kwa pindo la kupanda. Wachache sana walijua limetoka wapi.

Baada ya yeye kuondoka, nilitundika nguo kwenye hanga na kuzipiga picha hivyo. Wateja walitazama, hawakuagiza. Gauni lisilo na mtu ndani linafanana na kitu kilichosahauliwa chumbani.

Halafu mama mmoja mwenye duka la nguo Kigoma akaniandikia. Aliona gauni langu kwa abiria wa boti, akataka kuuza ya aina hiyo. Ila aliomba katalogi: picha za mtu aliyevaa, amesimama vizuri, mandhari safi. "Wateja wangu wanachagua kwa macho, dada," aliniambia kwa sauti ya kurekodi. "Nguo ya kwenye hanga hawaioni."

Nilimwendea mpiga picha mwenye studio karibu na kituo cha gari-moshi, mwanamume mtu mzima ambaye zamani alipiga picha za harusi za nusu ya mji. Sasa watu wanajipigia wenyewe, na yeye anaishi kwa kuchapa picha za pasipoti na mabango ya misiba. Siku hizi alikuwa amejifunza kutengeneza picha kwa kompyuta.

"Mama, hatuna lazima ya muntu," aliniambia. "Tunatafuta picha ya mwanamuke wa modeli, tunachukua namna anasimama, tunamuvua nguo yake, tunamuvalisha yako. Mashini njo inachora."

"Na mwenye picha je?"

"Sura yake hatuichukue. Tunachukua kusimama tu."

Alinionyesha picha: mwanamke mrefu mwenye suti nyeupe, mkono mmoja kiunoni, miguu imepishana kidogo. Nikampa gauni langu la kikwembe, kitenge chenye picha za kanga, wale ndege wenye madoa, wenye shingo nyembamba. Akalipiga picha likiwa kwenye hanga, akaipa kompyuta picha zote mbili, akaandika maneno: mvalishe mwanamke huyu gauni hili, usibadilishe anavyosimama.

Tulikaa tukingoja. Picha ikatokea. Nakiri moyo uliruka, kwa sababu mwanamke alikuwa mzuri na mwanga ulimwangukia begani vizuri.

"Iko muzuri, hapana?" alisema.

"Muzuri iko. Lakini ile haiko robe yangu, haiko gauni nilishona."

"Namna gani haiko yako?"

"Miye sikushonaka kola. Na ndege wangu wako wapi?"

Aliinama karibu na kioo cha kompyuta. Kweli, gauni lilikuwa na kola ya koti, na kanga wangu walikuwa wamegeuka maua ya duara. Mkanda wa kufunga ubavuni ulikuwa umekuwa kifungo. Na pindo, pindo lilikuwa limenyooka kama rula.

"Ile kola ni ya suti," alisema polepole. "Mashini inaona suti, inaishikilia. Na fasi haioni, ile pahali imefichwa, inajaza yenyewe. Mukono umeficha mukanda wako, ikabuni kifungo."

Nilikuwa natazama pindo. Miguu mizuri, iliyo sawa, na gauni langu limekaa juu yake kama linavyokaa kwangu tu ulimwenguni. Mashini haikujua chochote kuhusu mimi, ilifuata tu nguo ya yule mwingine. Hata hivyo nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu nikibadilisha nguo.

Tulianza upya. Nililetewa shuka jeupe, tukalitandika sakafuni karibu na dirisha, nikalilaza gauni na kulinyoosha kwa mikono, mbele kisha nyuma, ili kompyuta ione mishono yote. Kisha yeye akaacha kuipa ile picha ya suti. Aliipa mistari tu ya mwili: kichwa, mabega, viwiko, nyonga, magoti, kila kiungo nukta, na mistari ya rangi ikiviunganisha. Mistari hiyo aliitoa kwenye picha ya modeli mwingine, mwenye mikono iliyoning'inia, asiyeficha ubavu. Mtu wa mistari hana nguo, basi hana kola ya kumrudishia mtu.

Kola ikapotea. Mkanda ukarudi. Kanga nao walirudi, ingawa karibu na mshono mmoja alikuwepo ndege mwenye vichwa viwili, na tulipojaribu kumrekebisha akapata miguu mitatu. Tulikubaliana kutuma pia picha ya kweli ya kitambaa, ya karibu, mteja asije akadhani nauza ndege wa ajabu.

Pindo lilibaki limenyooka.

"Niliandika: linapanda kushoto," alisema. "Haisikie. Imezoea mapindo ya watu wote."

"Inaweza kubadilisha chini peke yake?"

"Inaweza. Tunafunika fasi ya chini tu, juu haiguse. Lakini inataka ione mustari."

Akanipa kipanya. Nilikishika kama ninavyoshika chaki ya kukatia. Nilichora mstari mweupe kutoka chini ya goti la kulia, ukipanda taratibu hadi goti la kushoto, ukijikunja kidogo mwishoni ninapopenda ujikunje. Yeye akapaka eneo la chini, akaandika tena, akabonyeza. Picha ya kwanza ilikataa. Ya pili ikakubali.

Pale alisimama: mwanamke asiye mtu, sura ambayo hakuna mama aliyeizaa, amevaa gauni langu lote, na pindo linapanda. Mpiga picha alipiga makofi peke yake. Mimi nilifikiria mdogo wangu anavyocheka mbele ya kioo. Huyu hakucheka. Alitazama pembeni, mahali ambapo hapakuwa na chochote.

Chini ya picha nilimwomba aandike kwamba mwanamke ametengenezwa kwa kompyuta, gauni ni la kweli na limeshonwa Kalemie. Tukatuma.

Mama wa Kigoma alijibu kabla sijafika nyumbani. "Dada, nzuri mno! Huyo modeli wako mwambie aje na boti, tumpige picha hapa dukani na nguo nyingine."

"Soma chini ya picha, dada. Hayupo."

Alisoma, halafu akapiga simu. "Sasa hilo gauni, kuna mtu amelivaa?"

"Mimi peke yangu."

"Basi nitumie picha yako wewe. Nataka kuona nguo inavyotembea kwa mtu."

Nilitafuta sababu za kukataa na sikuzipata za kusema kwa sauti. Kesho yake nilirudi studio nimevaa gauni chini ya kitenge. Mpiga picha hakuuliza. Alifuta vumbi kwenye kamera yake ya zamani, akanisimamisha mbele ya ukuta, akasema, "Usivute tumbo, Mama. Simama vile unasimamaka." Nikasimama hivyo. Nyonga ikashuka, pindo likanyooka.

Niliituma bila maneno. Siku ile ikapita, na iliyofuata, bila jibu. Nilijiambia nimeharibu biashara kwa kiburi cha kutaka kuonekana. Nilishona sare za shule, nikala mchana peke yangu mlangoni, nikakunja na kukunjua shuka la mashini ya pili.

Jibu lilipokuja lilikuwa la sauti, la chini, tofauti na sauti yake ya dukani.

"Dada, nimekaa na picha zako mbili. Nimeelewa pindo limetoka wapi. Nitachukua magauni ya pindo la kupanda, ya kuuza dukani. Lakini nataka na moja la namna ya kwako, linalonyooka mwilini. Mama mkwe wangu alivunjika nyonga, mguu haukupona vizuri. Haendi tena kwenye sherehe, anasema nguo zote zinamwonyesha. Yeye ni mguu wa kulia. Utaweza?"

Nilimwambia apime kutoka kiunoni hadi sakafuni, kulia na kushoto, mama akiwa amesimama bila kushikwa. Asimnyooshe. Vipimo vilipofika niligeuza karatasi ya kukatia, kushoto ikawa kulia. Sikuwahi kumkatia mtu mwingine pindo la kufuata mguu wake. Nilipolijaribu gauni lile mwilini mwangu lilikuwa baya kabisa, limeshuka upande mmoja hadi kifundoni, na nilicheka peke yangu chumbani. Halikuwa langu. Nililivua, nikalipiga pasi, likaondoka na boti pamoja na mengine.

Wiki kadhaa baadaye ikaja sauti ya mama mzee, yenye kikohozi mwanzoni.

"Fundi, mimi ndiye mwenye mguu. Nilivaa siku ya Idi. Nimekaa na wenzangu mpaka alasiri, na hakuna aliyenitazama chini. Mungu akuweke." Akapumua. Nilidhani amemaliza. "Na wewe, mwanangu, nani anakushonea?"

Nilisikiliza ujumbe ule tena, nikiwa na sindano mdomoni. Halafu nikaitoa sindano, nikabonyeza simu kurekodi.

"Najishonea mwenyewe, Mama," nilisema. Nilitaka kuongeza kitu, lakini kidole kilikuwa kimekwisha kuachia kitufe, na ujumbe umeondoka.